Tangazo lilibadilika lini?

Tuseme kuna muuza madera wa Kariakoo anayelipia tangazo Instagram. Mteja akibonyeza, anaangukia WhatsApp ya duka. Bajeti yake ni shilingi 20,000 kwa siku, meseji zinaingia 40, kwa hiyo kila moja inamgharimu 500. Wiki mbili baadaye anatoa 50,000 na kupata meseji 50. Meseji moja sasa ni 1,000. Lawama anaitupia video mpya, kwa kuwa ndiyo anayoikumbuka.

Bahati nzuri msichana wake wa dukani ana daftari, na kila anapogusa tangazo anaandika:

"Jumatatu, saa 3 asubuhi. Bajeti 20,000 kwenda 50,000. Sababu: mzigo mpya.
Alhamisi, saa 8 mchana. Eneo: Dar tu, sasa Tanzania nzima. Sababu: tunataka wateja wa mikoani.
Jumamosi, saa 4 asubuhi. Picha imetoka, video imeingia. Sababu: picha imezoeleka."

Wakiweka mistari hiyo kando ya hesabu za kila siku, kisa kinajieleza. Bajeti ilipopanda, meseji ilifika 625, jambo la kawaida, maana ukiongeza fedha unawafikia hata wasio na hamu sana. Mruko wa kufika 1,000 ulianza Ijumaa, siku moja kabla video haijaingia. Wakagawa matokeo kwa mikoa: Dar ilikula 15,000 ikaleta meseji 24, bado 625 ileile. Mikoani kulikwenda 35,000 kwa meseji 26, yaani zaidi ya 1,300 kila moja, na wengi wakishatajiwa nauli ya mzigo wanakaa kimya. Video haina kosa.

Meta yenyewe hutunza historia ya mabadiliko ya tangazo, lakini haijui sababu yako, wala haijui kwamba Ijumaa saizi kubwa ziliisha au bei ilipanda. Hayo nayo yaandikwe. Na ukiandika "nimeongeza bajeti" bila kusema kutoka ngapi hadi ngapi, mwezi ujao mstari huo hautakusaidia chochote.

Daftari lina mipaka yake. Ukibadilisha walengwa au picha, mfumo huanza kujifunza upya, na kwa kawaida unahitaji matokeo kama 50 ndani ya wiki moja ndipo utulie. Gharama za siku hizo hupanda na kushuka ovyo, kwa hiyo usizihukumu mapema. Tena wangebadilisha eneo na video saa ileile, kugawa kwa mikoa kungewaonyesha kwamba mikoani ni ghali, ila wasingejua kama video nayo ilichangia. Ndiyo maana msichana yule sasa anaandika kwanza, kisha anabonyeza. Akikuta mstari wa juzi bado haujakomaa, anaiacha simu mezani.