Kuku Aoshwe Mwisho

Siku ya Ijumaa, katika nyumba nyingi za Pumwani, Kaloleni na Eastleigh, kuku aliyenunuliwa Soko la Burma huwa amekwishafika jikoni kabla ya saa nne asubuhi. Jiko ni dogo, sinki ni moja, na siku ya mgao mfereji hautoi hata tone. Tegemeo ni mtungi wa lita 20 uliojazwa juzi. Kuku huoshwa kwanza, kisha katika sinki lile lile huoshwa nyanya na dania za kachumbari. Hatari imo katika utaratibu huo.

Kuku mbichi, hata awe amechinjwa asubuhi ile ile, aghalabu hubeba vijidudu vya salmonela na kampailobakta. Vyote viwili hufa chunguni, joto la ndani ya mnofu linapofika nyuzi 74. Kachumbari haiingii chunguni. Kijidudu kilichoruka kutoka kwa kuku kikatua juu ya nyanya hakina tena moto wa kukiua. Huliwa kikiwa hai, na watoto na wazee ndio wanaougua zaidi.

Mwaka 2019 Idara ya Kilimo ya Marekani ilitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika majiko ya majaribio. Miongoni mwa walioosha kuku, asilimia 60 waliacha vijidudu ndani ya sinki, na asilimia 26 walivifikisha kwenye saladi. Lakini hata miongoni mwa wasioosha kuku, asilimia 31 walivifikisha kwenye saladi, kwa kuwa hawakunawa mikono vizuri. Basi kuacha kuosha peke yake si kinga.

Wataalamu husema kuku asioshwe kabisa. Kwetu neno hilo ni zito, maana mama wa nyumba huona damu ya machinjo, vinyoya, na pengine kinyesi cha utumbo uliopasuka, na moyo wake hautulii mpaka atoharishe. Naona si haki kumwambia apike hivyo hivyo. Aoshe, lakini aoshe mwisho, na asirushe maji.

Na afanye hivi. Kachumbari ikatwe kwanza, ifunikwe, iwekwe mbali na sinki. Vyombo safi navyo viondolewe. Kuku atiwe ndani ya sufuria yenye kina, iliyotiwa maji tayari, asioshwe chini ya mfereji unaobubujika, kwani matone huruka zaidi ya nusu mita. Ageuzwe taratibu, vinyoya ving'olewe humo humo majini. Maji yamwagwe polepole chooni. Kisha sufuria, kisu, ubao, sinki na mikono vioshwe kwa sabuni. Ndimu na siki huondoa shombo na kulainisha nyama. Vijidudu haviviui vya kutosha.

Maji safi zaidi yapewe kinacholiwa kibichi. Dania ikatwe mizizi, itawanywe ndani ya beseni, kisha majani yainuliwe kwa mkono. Ukimwaga maji huku majani yamo, mchanga uliotuama chini hurudi juu yake. Maji yabadilishwe mara mbili au tatu, mpaka chini ya beseni pasionekane chembe. Nyanya na maembe yasuguliwe kwa kiganja huku mtu akimimina maji kwa kopo. Tikiti nalo huoshwa ganda kabla ya kukatwa, ingawa ganda haliliwi, kwa sababu kisu hupita juu yake na kuingiza uchafu ndani. Maji ya chumvi hutoa wadudu majanini, basi. Siki, kikombe kimoja kwa vikombe vitatu vya maji, hupunguza vijidudu bila kuvimaliza.

Kuna jambo lisiloondoka kwa kuosha. Sukuma wiki iliyonyweshwa maji taka huenda imekwishanywa risasi na madini mengine, yakawa ndani ya jani lenyewe. Hapo dawa ni kumuuliza muuzaji mboga imetoka wapi.

Sabuni ya vyombo, sabuni ya unga na Jik zisiguse chakula, awe kuku au tunda. Majani na maganda hufyonza sabuni, nayo huleta kichefuchefu na kuhara. Jik yenye manukato ndiyo mbaya zaidi. Mahali pa Jik ni kwenye sinki lililokwisha kuoshwa kwa sabuni: kijiko kimoja kikubwa cha Jik isiyo na manukato katika lita tatu za maji, iachwe dakika chache, kisha isuuzwe. Kabla ya hapo hakikisha ndimu na siki zimesuuzwa zote, kwa maana zikikutana na Jik hutoa hewa ya sumu ichomayo macho na kifua. Ukiisikia harufu hiyo kali, toka jikoni, fungua madirisha, usirudi mpaka iishe.