Kenchi Kumi na Moja, Mbao Ngapi?

Mwenye nyumba anapoletewa orodha ya mbao za paa, mara nyingi hukuta hesabu iliyofanywa kwa mita: urefu wote umejumlishwa, kisha ukagawanywa kwa urefu wa ubao. Hesabu hiyo huonekana safi kwenye karatasi, ila msumeno haukati jumla. Hukata ubao mmoja mmoja, na mbao za paina zinazotoka Sao Hill, Mufindi, kwa kawaida huuzwa kwa urefu wa futi 12, yaani mita 3.66. Urefu huo ndio unaoamua idadi.

Chukua nyumba ya mita 12 kwa 8, paa la bati lenye miteremko miwili, kenchi zikitandazwa kwenye upana wa mita 8. Kenchi zikiachana mita 1.2, nafasi ni 10, lakini kenchi ni 11, kwa sababu ya kwanza husimama kabla nafasi yoyote haijahesabiwa. Kusahau hiyo moja ni kosa la kila siku.

Sasa makombamoyo, zile mbao mbili za mteremko. Kutoka kati ya nyumba hadi ukutani ni mita 4, na upenu wa sentimita 60 unafanya mita 4.6 kwa ulalo. Kilele kikiwa mita 1.6 juu ya ukuta, kila mita ya ulalo inazaa karibu mita 1.08 ya mteremko. Kombamoyo moja, basi, ni mita 4.95.

Ubao mmoja haufiki. Unahitaji kuungwa na kipande cha mita 1.29, pamoja na nusu mita ya kupandiana, jumla mita 1.79. Vipande viwili vya namna hiyo, cha kulia na cha kushoto, vinatoka kwenye ubao mmoja na kuacha sentimita 8 tu. Kwa hiyo makombamoyo ya kenchi nzima yanakula mbao tatu za 2x4. Fundi makini huanzisha ubao mzima chini kwenye upenu, ili maungio yaangukie juu kidogo ya pale kishikizo cha mshazari kinapolishika kombamoyo. Akianza na ubao mzima kileleni, maungio yanaangukia katikati ya ukuta na kishikizo, mahali ambapo ubao hupinda zaidi.

Ebu upenu uongezwe uwe sentimita 75. Kila kipande cha kuungia kinafika karibu mita 1.96, viwili havitoki tena kwenye ubao mmoja, na kenchi inadai mbao nne. Sentimita 15 zimeongeza mbao 11 kwenye paa, ingawa mabaki yake yanaweza kugeuzwa vishikizo.

Boriti ya chini ya mita 8 inataka mbao tatu zenye maungio mawili, na baki lake la karibu mita 2 linatosha nguzo ya kati. Vishikizo viwili vya mshazari na viwili vya wima, katika muundo huu, vinatoka kwenye mbao mbili. Jumla ni mbao 8 kwa kenchi, 88 kwa zote, bila zile zinazolala juu ya ukuta.

Papi za 2x2 hufuata kanuni ileile. Zikiachana si zaidi ya sentimita 90, mteremko wa mita 4.95 unahitaji nafasi 6, hivyo mistari 7 kila upande, 14 kwa paa zima. Bati likitokeza nusu mita kila mwisho wa nyumba, mstari una mita 13. Kwa kugawanya mita, papi 50 zinatosha. Lakini papi lazima iungwe juu ya kenchi, si hewani, na hapo kila mstari unakula nne: jumla 56. Umbali wa mita 1.2 una faida yake: nafasi tatu ni mita 3.6, ubao unafika na kubakiza sentimita 6. Kenchi zikiachanishwa mita 1.3, ubao unaishia nafasi mbili na zaidi ya mita moja inakuwa taka.

Paa likiwa la vigae vya saruji, hesabu hii haifai kabisa. Vigae vina uzito wa zaidi ya mara kumi ya bati, kenchi husogezwa hadi kama sentimita 60, na idadi yake inafika 21. Mistari ya fito za kubebea vigae vya urefu wa sentimita 42, vinavyopandiana 10, inakuwa 17 kila upande. Muundo wenyewe uchorwe na mhandisi.

Kabla ya kulipia, futi ya mkononi ipite juu ya mbao kadhaa hapo kwenye banda. Ubao uliopungukiwa sentimita 10 hautoi tena vipande viwili vya kuungia, wala papi yake haifiki kenchi ya nne.