Umemaliza Mkopo, Lakini CRB Bado Inakudai

Mfanyabiashara wa mitumba Nairobi anakwenda benki kuomba mkopo wa kuongeza bidhaa. Anaambiwa jina lake liko CRB: anadaiwa shilingi 10,500 na kampuni ya mikopo aliyoilipa mpaka senti ya mwisho mwaka jana. Anaapa hana deni, na simu yake ina ujumbe kumi na mbili za M-Pesa kushuhudia hivyo. Mfano huu ni wa kubuni, lakini wanaoshughulika na mikopo wanaufahamu vizuri.

Mkopo wenyewe ulikuwa wa shilingi 80,000, wa kurejeshwa kwa miezi 12, kila mwezi 7,500. Mwezi wa tano mama huyu alikosea tarakimu moja ya namba ya akaunti alipokuwa akilipa kwa Paybill. Pesa ziliifikia kampuni, ila mtambo haukumtambua mwenyewe, zikawekwa kwenye akaunti ya malipo yasiyojulikana mwenyewe. Malipo ya mwezi wa sita yakaziba pengo la mwezi wa tano, ya saba yakaziba la sita, na mambo yakaenda hivyo hadi mwisho. Katika vitabu alibaki nyuma kwa awamu moja, huku akitozwa faini ya asilimia 5 ya hiyo awamu, yaani shilingi 375, kila mwisho wa mwezi. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi na mbili faini hizo zimefika 3,000. Jumlisha na 7,500, ndiyo hiyo 10,500.

Wengi wakifika hapa huamua kulipa tena ili yaishe. Ukilipa deni usilodaiwa, hitilafu inabaki palepale na rekodi itasema ulichelewa kulipa. Kwanza omba mkopeshaji akupe taarifa kamili ya mkopo, tangu siku ulipopewa hadi leo, si salio tu. Ipange kando ya taarifa yako ya M-Pesa, ulinganishe tarehe kwa tarehe. Awamu iliyo upande wako na haimo upande wao ndiyo kiini cha shida. Andika barua au baruapepe yenye namba ya muamala, kiasi na tarehe, kisha utunze nakala. Malalamiko ya simu hayaachi ushahidi.

Pesa zikipatikana, angalia zinaingizwa kwa tarehe gani. Karani akiziingiza kwa tarehe ya leo, ile 7,500 itafutika lakini faini ya 3,000 itabaki, na bado utaonekana mdaiwa. Sisitiza ziingizwe kwa tarehe ile uliyolipa, na faini zote zilizozaliwa na kosa hilo ziondolewe.

Hapo ndipo uombe barua ya kumaliza mkopo. Iwe na nembo, muhuri na sahihi, jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya kitambulisho, namba ya akaunti ya mkopo, tarehe ya malipo ya mwisho, na maneno kwamba salio ni sifuri. Barua inayosema tu "mteja wetu mwema" haina kazi. Kama ulikuwa umeweka logbuku ya gari rehani, iulizie siku hiyohiyo.

Watu huchanganya barua hii na cheti cha CRB. Barua hutoka kwa mkopeshaji. Cheti hutolewa na ofisi ya taarifa za mikopo, na Kenya zilizo na leseni ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Ofisi hizi huonyesha kile walicholetewa na mkopeshaji. Kwa hiyo barua ikikaa kabatini bila mkopeshaji kutuma marekebisho, rekodi haisogei. Omba ripoti yako, ambayo unayo haki ya kupewa moja bure kila mwaka, na kama deni bado lipo, wasilisha pingamizi kwa ofisi hiyo ukiambatisha barua. Ofisi itamuuliza mkopeshaji. Akikaidi, peleka malalamiko Benki Kuu ya Kenya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inakupa haki ya kudai taarifa zisizo sahihi zirekebishwe.

Barua ina mipaka yake. Kama kweli ulichelewa kulipa, salio litasoma sifuri lakini historia ya kuchelewa inaweza kubaki hadi miaka 5 tangu ulipomaliza deni. Hao wanaotangaza mitandaoni kwamba watakufutia jina CRB kwa ada ndogo hawana mamlaka hayo, na historia ya kweli haifutwi na yeyote. Usiwape pesa, wala nakala ya kitambulisho chako.