Umeyu au Mogu?

Mtu akisema kwa Kiingereza kwamba hawezi kuogelea, mfasiri wa Kirusi hukosa jambo analolihitaji zaidi: sababu. Kama msemaji hakuwahi kujifunza, jibu ni ne umeyu plavat. Kama ni mwogeleaji hodari lakini leo bega limeteguka, ni ne mogu plavat. Ukikosea, msomaji Mrusi ataamini bingwa huyo hajawahi kufundishwa kuogelea, kwa hiyo soma aya nzima kwanza.

Znayu, yaani najua, hufaa kwa habari, watu na lugha. Ustadi uliofunzwa ni wa umeyu, hata pale Kiingereza kinapotumia kitenzi cha kujua. Na Kiingereza kikisema “naweza kuona nyota”, Kirusi hudondosha uwezo kabisa: vizhu, naona, basi.