Fahamu: Mashine ya sukari ya nyumbani inapotofautiana na maabara

Kichupa cha maji ya kupimia mashine hakikuambii sukari yako ni ngapi. Kinakuambia tu kama mashine na stripu zinafanya kazi. Kitikise, mwaga tone la kwanza, kisha weka la pili kwenye stripu kama ungeweka damu. Jibu lilinganishe na kiwango kilichochapwa kwenye kopo la stripu, si na majibu ya maabara. Likitoka nje ya kiwango, rudia kwa stripu mpya. Angalia pia tarehe: vichupa vingi havifai miezi 3 baada ya kufunguliwa.

Kulinganisha na maabara ni kazi nyingine. Nenda hujala, nawa mikono na uikaushe, na ujichome kidole ndani ya dakika chache baada ya kutolewa damu ya mshipa. Ukishakula, damu ya kidole huwa na sukari zaidi, na hapo mashine inalaumiwa bure.

Tuseme maabara imetoa 8.0 mmol/L na mashine yako 9.0. Tofauti ni asilimia 12.5, na inakubalika: kiwango cha kimataifa cha ISO cha mwaka 2013 kinaruhusu asilimia 15 juu au chini, yaani 6.8 hadi 9.2. Chini ya 5.5 hesabu hubadilika, inaruhusiwa tofauti ya 0.8. Kwa hiyo 4.8 kwenye skrini inaweza kuwa 4.0 ya maabara.

Na damu ikichelewa kupimwa bila kutenganishwa, chembe zake huendelea kula sukari, hivyo jibu la maabara nalo hushuka.