Elfu Nne za Bibi Zinapungulia Wapi?

Bibi wa miaka 74 huko Kinango, Kaunti ya Kwale, anapata ujumbe kwenye simu yake: shilingi 4,000 zimeingia. Ni pesa za Inua Jamii za miezi miwili. Anajifunga leso, anakwenda kwa wakala wa M-Pesa hapo sokoni na kuomba kutoa elfu nne zote. Simu inakataa na kusema pesa hazitoshi. Wakala anajaribu tena, inakataa vilevile. Bibi anarudi nyumbani akiamini ameibiwa.

Bibi huyu ni wa mfano tu, ila kisa chake kinajirudia kila malipo yanapotoka, na hakuna aliyemwibia. Ada ya kutoa hukatwa kwenye pesa zile zile zilizomo kwenye simu. Anayetaka kushika 4,000 mkononi anahitaji kuwa na 4,069 kwenye laini, kwa sababu kutoa kiasi cha kati ya 3,501 na 5,000 kwa wakala hutozwa shilingi 69. Bibi alikuwa na 4,000 kamili.

Inua Jamii ndiyo pensheni ya pekee kwa wazee wengi wa Kenya ambao hawakuwahi kuajiriwa. Mpango huu ulifunguliwa 2018 kwa kila aliyetimiza miaka 70 asiye na pensheni nyingine, kwa kiwango cha shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwanzoni mzee alichagua benki moja kati ya nne: Equity, KCB, Co-operative au Benki ya Posta. Baadaye malipo yakaanza kuhamia kwenye simu. Kila njia kati ya hizo ina mahali pake pa kupunguza pesa, na inafaa mzee na wanawe wapajue.

Tuanze na wakala wa simu. Ada za M-Pesa zimepangwa kwa ngazi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, ushuru ulipopanda kutoka asilimia 12 hadi 15, kutoa kiasi chochote kuanzia 101 hadi 2,500 ni shilingi 29. Kuanzia 2,501 hadi 3,500 ni 52, hadi 5,000 ni 69, hadi 7,500 ni 87, na hadi 10,000 ni 115. Ngazi ya kwanza ni pana sana, na hapo ndipo penye faida kwa mwenye pensheni ndogo.

Bibi wetu akitoa zote kwa mkupuo mmoja atashika 3,931, na 69 zitakuwa zimekwenda. Akitoa mara mbili, kwanza 2,000 kisha 1,942, atalipa 29 mara mbili, yaani 58. Ameokoa shilingi 11. Si nyingi, lakini zinanunua kiberiti na chumvi kidogo. Hasara kubwa iko upande wa pili. Wakala wa kijijini akiishiwa na pesa taslimu humwambia mteja achukue mia tano leo na nyingine arudi kesho. Anayetoa mia tano mara nne analipa 116 ili kupata elfu mbili, badala ya 29. Wakala asipokuwa na pesa za kutosha, ni heri kusubiri kesho yake au kutembea hadi kwa mwingine kuliko kukubali vipande.

Hesabu hubadilika malipo yanapochelewa na kulipwa kwa pamoja. Aprili 2020, kwa mfano, wazee walipewa 8,000 za miezi minne, Januari hadi Aprili. Kwa viwango vya sasa, kutoa kiasi hicho mara moja kungegharimu 115, na kukigawa mara nne kungegharimu 116, kwa hiyo kugawa hakusaidii tena. Kinachosaidia ni kutoa 7,500 kwa ada ya 87, kisha zile 413 zinazobaki zisitolewe kabisa, bali zinunue unga dukani kupitia namba ya till. Anayelipa kwa till, ile inayoonekana kwenye menyu kama Buy Goods, hakatwi chochote, kwa kuwa ada iko kwa mwenye duka. Lakini muuza duka akitaja namba yake ya kawaida au Pochi la Biashara, mnunuzi hukatwa ada kama ya kumtumia mtu pesa.

Jambo moja lishikwe sana: ada ya kutoa hukatwa na mtambo wenyewe, na kiasi kilichokatwa huandikwa kwenye ujumbe baada ya maneno Transaction cost. Wakala hana ada ya kupokea mkononi. Anayemwambia mzee aache hamsini ya huduma, au anayempa noti pungufu kwa madai kwamba ada imepanda, anachukua kisicho chake. Na mzee asiyeona vizuri asimpe wakala simu pamoja na namba ya siri. Aende na mtu anayemwamini, ambaye atamsomea ujumbe kwa sauti, kisha pesa zihesabiwe kabla ya kuondoka kwenye kibanda.

Benki ina hesabu yake. Anayekaa mbali na tawi hulipia nauli kabla hajalipia ada. Ikiwa nauli ni 200 kwenda na 200 kurudi, sehemu ya kumi ya zile elfu nne imeishia kwenye matatu. Ndiyo maana wengine humwachia kadi mtoto aliye mjini. Mtoto akizipitisha pesa kwenye simu yake na kumtumia mama, kutuma 4,000 ni 57, na mama akizitoa ni 69 nyingine. Jumla ni 126, bila kuhesabu ada ya benki yenyewe. Mwenye njia hii afadhali alimbikize malipo mawili na kwenda benki mara moja. Hata hivyo asiiache akaunti ikalala. Akaunti isiyoguswa kwa muda mrefu hufungiwa, na kwa sheria ya Kenya ya 2011, pesa zilizokaa benki miaka mitano bila mwenyewe kujitokeza hupelekwa kwenye Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, na hapo kuzirudisha ni safari nyingine.

Kuna mkato mwingine ambao familia nyingi hazioni. Mjukuu anaazima simu ya bibi, anaingia Fuliza, anakopa mia nane na kuzitumia. Wiki tatu baadaye pensheni inaingia, na kabla bibi hajaisoma, deni pamoja na gharama zake limejilipa lenyewe. Fuliza hukata chochote kinachoingia kwenye laini hadi deni liishe. Laini ya kupokelea pensheni inafaa iwe ya kupokelea pensheni tu, na namba yake ya siri isijulikane na kila mjukuu.

Je, pesa zisipoingia kabisa? Kabla ya kukimbilia ofisini, mzee aulize majirani wanaolipwa na mpango huo huo. Pensheni hii hutoka Hazina Kuu, hupitia idara inayosimamia ulinzi wa jamii, kisha huenda benki au M-Pesa. Ikiwa hakuna jirani hata mmoja aliyepata, pesa hazijatoka Hazina, na hakuna fomu ya kijijini itakayoziharakisha. Ikiwa wa benki wamepata na wa simu bado, tatizo liko njiani, na siku chache za subira hutosha. Lakini ikiwa majirani wa njia ile ile wamelipwa na wiki imepita, kasoro iko kwenye taarifa za mzee mwenyewe. Huyo ndiye asiyefaa kusubiri, kwa sababu kila mwezi unaopita unamwongezea malimbikizo ya kufuatilia.

Kasoro hizo mara nyingi ni tatu. Ya kwanza ni jina. Kitambulisho kinasema Mohamed, laini ilisajiliwa Muhammad. Kitambulisho kina majina matatu, benki ina mawili. Binadamu huona ni mtu mmoja, lakini mtambo unaolinganisha herufi huona wawili na kuyarudisha malipo. Ya pili ni laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtoto. Mzee ameitumia miaka kumi, kila mtu anamjua kwa namba hiyo, ila kwa mujibu wa rekodi si yake.

Ya tatu ni laini iliyopotea. Simu ikiibwa au kuanguka chooni, wengi hununua laini mpya ya bei rahisi barabarani na kusahau kwamba pensheni bado inatumwa kwenye ile ya zamani. Laini isiyotumika kwa miezi mingi huzimwa, na namba yake inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Dawa yake ni kwenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao na kuomba laini nyingine yenye namba ile ile. Namba inabaki, pesa zilizomo zinabaki, na mpango hauhitaji kuambiwa lolote.

Ikiwa ni lazima namba au akaunti ibadilishwe, mzee aanzie kwa chifu au naibu wake, kisha kwenye ofisi ya ulinzi wa jamii ya kaunti ndogo. Achukue kitambulisho halisi na nakala yake, na simu yenye laini mpya ikiwa imewashwa, iliyosajiliwa kwa jina lake. Namba isomwe tarakimu moja moja kutoka kwenye simu, isitajwe kwa kukumbuka. Aandike jina la afisa aliyempokea na tarehe, kwa kuwa hilo ndilo litakalomsaidia akirudi kuuliza. Na laini ya zamani, ikiwa bado ipo, isitupwe hadi malipo ya kwanza yaonekane kwenye mpya, kwani orodha ya malipo huwa imeshaandaliwa kabla ya siku ya kulipwa.

Wazee wengi hugundua kasoro hizi siku ya malipo, wakiwa wamesimama kwenye foleni, wakati hakuna la kufanya tena kwa awamu hiyo. Ukaguzi wenyewe hauchukui dakika tano. Ukienda kumjulia hali mzazi wako wikendi hii, chukua simu yake ya Safaricom mbele yake, piga *106# na uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kisha weka kitambulisho pembeni na ulinganishe jina herufi kwa herufi na lile lililo kwenye laini. Mkikuta tofauti, mpeleke kwa chifu Jumatatu asubuhi.