Mboji Ikinuka, Ongeza Makavu

Maganda ya ndizi, viazi na mihogo yakirundikwa peke yake bustanini hunuka na kujaa nzi. Yana maji mengi, hushikamana, na hewa haipenyi. Dawa yake ni vitu vikavu: kila ukimwaga ndoo moja ya maganda, yafunike kwa ndoo mbili za majani makavu ya mwembe au mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa.

Geuza rundo kila wiki, kisha chota kidogo ukamue kiganjani. Maji yakichuruzika, ongeza makavu. Ikimomonyoka kama vumbi, nyunyizia maji. Baada ya miezi mitatu hivi, ikishakuwa nyeusi na kunukia kama udongo ulionyeshewa, ichanganye kwenye tuta la mchicha.